Usimuuzie mbia mpya hisa kwa bei ya mwaka wa kwanza

Kampuni yetu ya kukamua alizeti hapa Dodoma tuliianza watatu, kwa hisa 1,000 zenye thamani iliyoandikwa ya shilingi 10,000 kila moja. Tulizilipia zote, kwa hiyo mtaji wa hisa ukawa milioni 10. Mwaka wa nne tukataka mashine ya kuchuja mafuta, na shemeji wa mwenzetu, mfanyabiashara wa mazao pale Kibaigwa, akajitokeza na milioni 12.

"Kaka, hisa si zimeandikwa elfu kumi?" akaniuliza. "Basi nipeni kwa elfu kumi." Hatukuona ubaya wowote. Azimio la wanahisa lilikuwa limeshaandikwa, likisubiri saini tu, mhasibu wetu alipotuomba tukae kwanza tupige hesabu.

Kwa elfu kumi, milioni 12 zingempa hisa 1,200. Jumla ingekuwa hisa 2,200, naye angeshika zaidi ya nusu ya kampuni na ya kura zake. Wakati huo mali zetu zote, yaani kinu, stoo, alizeti ghalani na fedha benki, zilikuwa za milioni 55, na madeni yalikuwa milioni 15. Ukitoa madeni, milioni 40 zilibaki kuwa za wenye hisa, sawa na shilingi 40,000 kwa kila hisa. Ile elfu kumi ilikuwa kumbukumbu tu ya tulichoweka siku ya kwanza. Kama tungesaini, milioni 52 zingegawanywa kwa hisa 2,200, na kila hisa yetu ingeshuka hadi kama shilingi 23,600. Sisi watatu tungempa mgeni zaidi ya milioni 16 za jasho letu bila kujua.

Kwa 40,000, milioni 12 zinanunua hisa 300 tu, nazo ni asilimia 23 ya hisa 1,300 zitakazokuwepo. Gawa milioni 52 kwa 1,300 na utapata 40,000 ile ile. Hakuna aliyeibiwa, si yeye wala sisi. Bei hiyo si lazima iwe sawasawa na hesabu ya vitabu. Biashara yenye faida nzuri inaweza kudai zaidi. Ila anzieni hapo mnapojadiliana.

Kwenye vitabu, katika kila 40,000 unayopokea, 10,000 inaingia kwenye mtaji wa hisa na 30,000 inaingia kwenye akaunti ya ziada ya bei ya hisa. Hapa wengi hukosea. Wanaona fedha nyingi zimeingia, wanazihesabu kama faida, kisha wanagawana. Ziada hiyo si mapato ya biashara, na sheria ya makampuni inailinda karibu kama mtaji wenyewe. Inaweza kulipia gharama za kutoa hisa hizo, au kutoa hisa za bure kwa wanahisa waliopo, lakini haigawiwi kama gawio. Vodacom Tanzania ilipouza hisa mpya mwaka 2017 kwa shilingi 850, thamani iliyoandikwa ilikuwa 50. Zile 800 zilizobaki zilikuwa ziada. Na ziada inaingia kampuni ikitoa hisa mpya. Mimi nikimuuzia mtu hisa zangu, fedha yote ni yangu, na kampuni haipati kitu.

Shemeji alipoona hesabu hakukasirika. Aliuliza jambo la maana: msimu wa alizeti ukiharibika, yeye atakula nini? Ukweli ni kwamba mwenye hisa hana dai la gawio mwaka usio na faida, hawezi kuidai kampuni imrudishie mtaji wake, na kampuni ikifungwa analipwa baada ya wadai wote. Mkopeshaji ana riba yake hata mwaka wa hasara, na ana tarehe ya kurudishiwa fedha, ila hapigi kura kwenye mkutano wa wanahisa. Dibencha ni mkopo pia. Ni hati ambayo kampuni inatoa kukiri deni, riba na muda wake, na mara nyingi inawekewa dhamana. Ikiwa na dhamana, hakikisha dhamana hiyo imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali unaosajili makampuni, la sivyo inaweza kukosa nguvu mbele ya wadai wengine. Kwa upande wa kampuni, riba hutolewa kabla ya kukokotoa kodi ya asilimia 30, ilhali gawio hutoka kwenye faida iliyokwisha kutozwa kodi. Lakini riba haisubiri mvua.

Tukakubaliana agawe fedha yake. Milioni 8 zilinunua hisa 200 kwa 40,000: milioni 2 zikaenda kwenye mtaji, milioni 6 kwenye ziada. Milioni 4 zikawa dibencha ya miaka mitatu kwa riba ya asilimia 15, dhamana yake ile mashine ya kuchuja. Msimu uliofuata mvua zilikatika mapema, alizeti ikawa haba na mashudu hatukuwa nayo ya kuuza. Hakuna mwanahisa aliyepata gawio, naye akiwemo. Shilingi 600,000 za riba tulimlipa, ingawa ilitubidi tuuze magunia ya akiba.