Wadogo zangu wa daftari la buking, bethidei haiishi kwa masaa mawili

Nimepitia daftari la Jumamosi ijayo nikashika kichwa. Jamani, kundi la bethidei saa moja usiku, alafu kundi lingine meza hizohizo saa tatu! Tumeshaongea hili.

1. Masaa mawili ni ya meza ya watu wanne waliokuja kula. Kundi la sherehe lipeni masaa matatu, na nusu saa nyingine ya kufuta, kutenganisha meza na kupanga upya. Mnakumbuka ile ya watu 14, meza nne zimeunganishwa pale dirishani. Wa kwanza walifika saa moja kamili, safi kabisa, ila bethidei gelo mwenyewe yuko kwenye foleni na wenzake wakagoma kuagiza mpaka aingie, kwa hiyo oda ikaingia jikoni saa mbili na dakika kumi, na hapo ni sahani 14 kwa mpigo, kuku na mishkaki juu ya jiko moja la mkaa, chakula kikatoka saa tatu kasoro dakika kumi. Saa tatu kamili wale wa anivasari wako mlangoni, mama wa watu kashika maua, na meza yake ndo kwanza watu wanatafuna mifupa. Keki saa tatu na nusu, picha, kulishana, alafu bili kila mtu anataka kulipa yake kwa simu. Wameondoka saa nne. Yule mama alisimama saa nzima na viatu vya sherehe, mi roho inaniuma mpaka leo.

2. Kwa hiyo meza ndefu inauzwa hivi: saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili, alafu saa mbili na nusu mpaka kufunga. Anayeng'ang'ania saa moja mpeni, ila hiyo meza jioni hiyo ni yake peke yake. Muda wa kumaliza mwambieni siku anayotuma advansi, msimwambie akiwa ameshika kisu cha keki.

3. Oda za kundi zichukuliwe siku moja kabla, hapo ndo mnaokoa muda mwingi kuliko kukimbizana na sahani. Wakikataa, basi anzeni na sambusa na vinywaji wanapoingia.

4. Angalieni oda, mlango achaneni nao. Nusu saa imepita tangu wa kwanza wakae na jikoni hakuna karatasi yao? Wapigieni kundi linalofuata muda huohuo, wakiwa bado nyumbani, waambieni wachelewe kidogo. Watu hawachukii kusubiri wakiwa kwenye kochi lao.

5. Andikeni "saa moja usiku", msiandike 7 tupu, kuna mtu atakuja saa saba mchana na keki yake.

Na hiyo ya Jumamosi, wa saa tatu apigiwe leo kabla shifti haijaisha, mumpe zile meza za nje.