"Mke wangu" mbele ya watu, kimya ndani ya matatu

*Shangazi, nina miaka 26, naishi Kisauni. Kila Jumamosi jioni tunakutana marafiki saba pale Mama Ngina, tunakula mihogo na kupiga gumzo. Kuna kijana mmoja kati yetu ambaye mbele ya wenzetu huniita "mke wangu", hunichagulia dafu, hunivutia kiti karibu yake, na wote humshangilia. Tukishapanda matatu ya kurudi, sisi wawili tu kwa kuwa wengine hukaa Tudor na Likoni, hugeuka mtu mwingine. Huinamia simu, hunijibu neno mojamoja, na tukishuka huniambia "haya, usiku mwema" kama jirani tu. Sasa ni mwezi wa tano na mimi nimeshampenda. Ananipenda au ananichezea?*

*Mwenye Kungoja, Kisauni*

Mwanangu,

Hebu tuanze na lile neno lenyewe. Pale chini ya mibuyu akikuita mke wake, halimgharimu kitu. Ukitabasamu, amepata tabasamu lako. Ukinuna, alikuwa anatania, na wale watano wataangua kicheko kumfunika. Lakini ndani ya matatu, mkishavuka Daraja la Nyali, neno lilelile linataka jibu, na jibu lako litamdai hatua nyingine: aje kwenu, aseme na mtu, aache wengine kama wapo. Kwa hiyo kimya chake si ajabu kama unavyokiona. Shida ni kwamba wanaume wa aina mbili hunyamaza hivyo hivyo, na mmoja tu kati yao ndiye wa kungojwa.

Wa kwanza ni mwenye hofu. Mtoto wa kaka yangu alikuwa hivyo. Barazani kwetu Mji wa Kale alikuwa na sauti kuliko wote; binti wa nyumba ya pili akipita, yeye ndiye wa kumrushia maneno. Siku binti alipoleta sahani ya mahamri akamkuta peke yake mlangoni, kijana alianza kutafuta ndara zake, na ndara alikuwa amezivaa. Nilimwuliza ana nini. Akaniambia, "Shangazi, kule barazani akinikataa nitacheka na wenzangu. Hapa akinikataa nimekataliwa."

Lakini sikiliza na mengine. Sahani ile hakumwachia mtoto airudishe, aliirudisha mwenyewe. Alijua binti ana mtihani siku gani. Mvua ikinyesha alisimama kizingitini mpaka amwone ameingia kwao. Ulimi ulimshinda, ila miguu yake haikuacha kumfuata yule binti. Mwenye hofu ukiwa naye peke yako hukosa maneno, lakini haondoki. Hujikalisha, huzua swali la kipuuzi ili usiingie ndani upesi. Na kwenye simu, ambako haoni uso wako, mara nyingi hufunguka: ataandika saa nne usiku kukuuliza kama kikohozi kimepoa.

Wa pili anataka watazamaji. Huyu anapenda kuonekana ni kijana mwenye maneno, na wewe umekuwa sehemu ya mchezo wake. Si lazima awe mtu mbaya, na pengine anakupenda kwa urafiki. Ila wenzenu wakiondoka, kilichokuwa kinampa raha kimeondoka nao.

Ili umjue wako ni yupi, Jumamosi ijayo usisikilize maneno, tazama macho. Akishasema "mke wangu", ile nukta moja kabla ya kicheko, anamtazama nani? Mwenye hofu hukuibia jicho wewe, aone umelipokeaje, kisha haraka hutazama pembeni. Mwenye watazamaji hugeukia wenzake, aone wamecheka kiasi gani. Litazame hilo mara mbili tatu. Siku moja pekee inaweza kukudanganya.

Kisha tazama akija dada mwingine mgeni kwenye kundi. Naye ataitwa mke ifikapo saa moja usiku? Halafu pima simu. Hukuniambia kama huwa anakutafuta katikati ya wiki, na hilo ndilo ningependa kulijua kuliko yote. Kama kuanzia Jumapili hadi Ijumaa hakuna salamu, na ukianza wewe unapata "poa" na "sawa", hiyo haya ninaitilia shaka. Haya ya matatuni haiwezi kumzuia mtu kuandika akiwa chumbani kwake.

Kuna sababu moja ya kwetu pwani ambayo nimeipima kwa uangalifu. Wapo vijana waliolelewa katika dini ambao hujizuia hasa wanapokuwa faragha na mwanamke asiye maharimu wao, na ubaridi wao ni heshima. Nawajua na nawapenda. Lakini matatu yenye abiria kila kiti, na kondakta mlangoni, si faragha. Na kijana anayejizuia kwa dini kwa kawaida hamwiti binti wa watu mke wake hadharani kabla hajazungumza na walii wake. Kwa huyu wako sioni kama ndiyo sababu, ila kama ni mtu wa hivyo wewe unamjua kuliko mimi.

Sasa niseme kinachoniuma. Miezi hii mitano imekupunguzia kitu. Kundi zima linakuona una mwenyewe. Kama kati ya wale saba, au marafiki wa wale saba, yupo aliyetaka kukusemesha, ameshajiweka kando. Na wewe mwenyewe umefungwa na ule utamu wa Jumamosi unaofuatwa na baridi, kwa sababu kinachotolewa leo na kunyimwa kesho hushika moyo kuliko kinachopatikana kila siku. Usijilaumu kwa kumpenda. Yeyote angenasa.

Kwa hiyo muulize. Usimuulize mbele ya wenzenu, atajibu kwa mzaha na mtacheka wote. Usimuulize ndani ya matatu pia, kwani hapo abiria wa nyuma anasikia na kituo kinakaribia. Mwombe afike Mama Ngina saa kumi, saa nzima kabla ya wengine. Ni mahali pa wazi, watu wanapita, hakuna wa kuwasema vibaya. Akisema hawezi, mpe Jumamosi nyingine. Akikosa zote mbili bila sababu ya maana, umeshajibiwa.

Akija, sema kwa maneno machache: "Ukiniita mke wako mbele ya watu, mimi nalichukulia kweli. Wewe unamaanisha?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: kijana akichelewa sekunde kumi, dada humwokoa, "lakini usijali, nilikuwa nauliza tu." Usimwokoe. Mwenye hofu atababaika, atachezea mrija wa dafu, lakini atatoa kitu: "nilidhani hunitaki", au "nipe muda mpaka nipate kazi". Hilo la pili mwulize muda gani, na usikie mwezi, si "tutaona". Mwenye watazamaji atacheka na kukuuliza kwa nini umekuwa siriasi hivi.

Akisema alikuwa anatania, mwamini. Usitafute maana nyingine ndani yake. Mwambie basi jina lile alikome, na siku akilitaja tena mbele ya wenzenu, usicheke. Mjibu kwa jina lake tu na uendelee na mhogo wako. Wenzenu wataelewa kabla ya Jumamosi ya pili.

Niandikie ukishakutana naye. Na ile saa kumi, fika wewe kwanza, ukae unapotaka kukaa.

Shangazi yako