Nimelipia domeini, mbona tovuti haifunguki?

*Nimelipia domeini ya .com ya duka langu, lakini nikiiandika kwenye simu naona tangazo la kampuni iliyoniuzia. Fundi anasema bado nilipie hostingi, tena kwa kampuni nyingine. Sasa mimi nililipia nini? Na kwa nini nisinunue vyote mahali pamoja?*

Ulilipia haki ya kutumia jina, na haki hiyo huhuishwa kila mwaka (kwa .com unaweza kulipia hata miaka 10 mbele). Jina halibebi picha wala kurasa. Hizo hukaa kwenye seva inayowaka usiku na mchana, na nafasi utakayokodi humo ndiyo hostingi. Hadi uelekeze jina lako kwenye seva fulani, msajili, yaani kampuni iliyokuuzia jina, ataonyesha ukurasa wake mwenyewe.

Kuelekeza ni kazi ya dakika chache. Hostingi ikishalipiwa utapewa anwani ya IP ya seva. Ingia kwenye akaunti ya msajili, fungua sehemu ya DNS, panapoandikwa jina lielekee wapi, uandike hivi, ukiweka anwani na jina lako:

```
@     A      203.0.113.25
www   CNAME  example.com.
```

Njia nyingine ni kubadilisha `Nameservers`, yaani seva zinazotunza rekodi hizo, ziwe za kampuni ya hostingi. Hapo ndipo wengi hupoteza barua pepe: rekodi zote za DNS huanza kusomwa upande mpya, na kama `MX`, rekodi inayoelekeza barua pepe, haikunakiliwa huko, tovuti itafunguka vizuri huku barua za wateja zikirudi kwa waliozituma. Isitoshe, badiliko hilo linaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea, wakati rekodi ya `A` yenye `TTL`, yaani muda wa kukumbukwa, wa sekunde 3600 husahaulika baada ya saa moja.

Kununua vyote mahali pamoja si kosa, na kwa anayeanza ni rahisi. Fundi wako anaangalia siku ya kuhama. Seva ikiwa nzito au bei ikipanda, unakodi kwingine, unanakili faili, unabadilisha ile IP, na mteja hajui kama umehama. Kuhamisha domeini kwenyewe ni kazi zaidi: inabidi ifunguliwe kufuli, upewe msimbo wa uhamisho, na .com mpya kwa kawaida haihamishiki ndani ya siku 60 za kwanza. Ukigombana na kampuni iliyoshika vyote viwili, jina ndilo litakalokuchelewesha.

Mimi ningejali zaidi akaunti ya domeini iko kwa jina la nani. Ikiwa fundi aliisajili kwa jina na barua pepe yake, mwambie aihamishie kwako kabla hujalipia hostingi. Tumia barua pepe isiyotegemea domeini hiyohiyo, kwa sababu domeini ikiisha muda, barua hiyo nayo huzimika, na onyo la kulipia litakalofuata halitakufikia.