Una onyo la chuo na fomu inakuuliza? Mistari mitano inatosha

Juzi msomaji mmoja kaniandikia inboksi, "Dada, nina onyo la kukopi asaimenti mwaka wa pili, fomu ya masters inauliza kama umewahi kupatikana na kosa la nidhamu, niweke Hapana tu? Limeshaisha muda." Nimecheka kwanza, alafu nikanyamaza, manake hilo swali mimi limenikosesha usingizi misimu miwili.

Yangu ilikuwa ripoti ya maabara. Mwaka wa tatu, usiku wa manane, nikachukua aya mbili za majadiliano kutoka kwa mwenzangu, nikabadilisha maneno mawili matatu, nikatuma. Mfumo wa kukagua ukazikamata zote mbili. Kamati ya nidhamu ikanipa sifuri kwa ile ripoti na onyo la maandishi. Mwenzangu aliyenipa kwa hiari yake akasema kwenye kikao hajui nilizipataje, na bado tunasalimiana mpaka leo, ila basi tu.

Msimu wa kwanza wa kuaplai niliweka Ndiyo, kwa hilo najisifu, lakini kwenye kile kisanduku cha maelezo nikamwaga kurasa mbili nzima. Nilieleza nilivyokuwa naumwa, mhadhiri alivyokuwa mkali, yule rafiki alivyonigeuka, nikaapa na kulia humo humo. Nikakosa. Sijui kama sababu ilikuwa ile barua, hawasemi, ila nilipoisoma tena baada ya miezi nikaona aibu, kosa lenyewe lilikuwa limetajwa mara moja tu, chini ukurasa wa pili, "lile tukio". Msomaji asiyenijua angedhani nimechoma maabara.

Sasa kabla hujaandika chochote, soma swali lao neno kwa neno. "Umewahi kupatikana na kosa" siyo sawa na "una adhabu inayoendelea". Kama wanauliza umewahi, basi onyo lililoisha muda nalo ni Ndiyo, kuisha muda siyo kufutwa. Wengine wanauliza hata kesi ambayo haijaamuliwa. Na kama ulishtakiwa ukaonekana huna kosa, na swali ni la waliopatikana na kosa tu, hapo Hapana ni jibu la kweli, usijitwike mzigo wa bure. Ukiona maneno yana utata, waandikie ofisi ya udahili uwaulize, na jibu lao ulitunze.

Alafu nenda chuoni kwako ukaombe nakala ya barua ya uamuzi. Mimi miaka yote nilikuwa nasema "nilionywa kwa kunakili", kumbe barua inasema wizi wa maandishi. Maneno yako yakipishana na ya barua utaonekana unaficha hata kama umesahau tu, na vyuo vingine huomba chuo chako cha zamani kithibitishe rekodi yako ya nidhamu. Ukigundulika umedanganya, nafasi inaweza kufutwa hata ukiwa umeshaanza masomo, na hapo kosa la pili linakuwa kubwa kuliko la kwanza.

Msimu wa pili niliandika hivi, na ndo nimepata nafasi wiki iliyopita:

"Nikiwa mwaka wa tatu nilinakili aya mbili za ripoti ya maabara ya mwanafunzi mwenzangu na kuziwasilisha kama zangu. Kamati ya nidhamu ilinikuta na kosa la wizi wa maandishi, ikanipa sifuri kwa ripoti hiyo na onyo la maandishi. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo naandika rasimu zangu peke yangu kutoka kwenye daftari la maabara, na tasnifu yangu ya mwaka wa nne niliiandika hivyo chini ya msimamizi anayeniandikia barua ya udhamini. Sijapata kosa jingine la nidhamu."

Basi. Angalia, hakuna "nilituhumiwa", hakuna "kwa bahati mbaya ilitokea", ni nilinakili. Ugonjwa nimeutoa, rafiki nimemtoa (huyu kumtoa kulinichukua siku tatu, sitadanganya). Na ule mstari wa mabadiliko una kitu wanachoweza kukihakikisha, siyo "nimejifunza mengi", kila mtu amejifunza mengi.

Usiipeleke hii habari kwenye barua yako ya malengo, iache kwenye kisanduku chake. Na mwambie mdhamini wako mapema, mimi nilimtumia hiyo aya kabla sijabonyeza kutuma, akanijibu kwa mstari mmoja, "Sawa, nami nitaandika nilichokiona maabara."

Kwa hiyo mdogo wangu wa inboksi, swali lako umesema linaanza na "umewahi", ni Ndiyo hiyo. Katafute barua kwanza, alafu nitumie aya, siyo stori.