Usifungue poti zote, zima SIP ALG kwanza

"Wakuu, nipo Makambako, ofisi ya pembejeo. Tumefunga simu za intaneti, mtambo wa Asterisk upo hapa hapa ofisini, ruta ni MikroTik, intaneti ni faiba. Tukipiga, mteja anatusikia ila sisi hatumsikii. Akipiga yeye, tunasikilizana kidogo halafu inakatika kabla ya dakika. Fundi anasema kesho afungue poti zote kwenda kwenye mtambo, anaiita DMZ, na tuongeze kifurushi. Pia naomba ushauri wa simu za mezani za bei nafuu, na kama betri ya akiba ni lazima."

Mkuu, mpigie huyo fundi sasa hivi asije kesho. Nimesoma hilo neno DMZ nikasikia moyo unapiga, maana ndipo nilipozama mimi.

Ofisi yetu ipo Mbeya, Mwanjelwa. Tunauza mbegu na dawa za mashamba, na nusu ya wateja wapo Tukuyu, Mbarali na Chunya, watu ambao hawaji dukani mpaka wapige simu kwanza kuuliza kama mzigo upo. Tulifunga mtambo kama wako na dalili zilikuwa hizo hizo zako. Mkulima wa Rungwe anasema "haloo, haloo", anatusikia vizuri tunavyomjibu, ila kwetu ni kimya kama kisima. Fundi wa kwanza akasema ni kifurushi kidogo, tukaongeza. Bado. Akasema ni ukungu wa Uporoto, na mimi nikamwamini, wakati intaneti yetu inapita kwenye waya wa faiba chini ya ardhi! Akasema basi ni ruta, tukanunua nyingine mpya. Bado. Hapo nikakosea jambo kubwa: nikaamini kwamba kama ruta mbili tofauti zinatoa tatizo moja, basi ruta haina kosa. Kumbe zote mbili zilitoka kiwandani na kitu kile kile kimewashwa.

Ndipo akaja na DMZ. Ijumaa jioni akaingia kwenye ruta, akaelekeza kila kinachoingia kutoka nje kije moja kwa moja kwenye mtambo wa simu. Tukapiga simu ya majaribio, sauti ikasikika pande zote mbili. Tulishikana mikono. Akalipwa akaondoka.

Jumatatu asubuhi hakuna simu inayotoka. Nikampigia mtoa huduma wa laini kule Dar, akaniambia salio limeisha. Tulikuwa tumeweka shilingi 1,640,000 za kutumia miezi. Nikafungua kumbukumbu za mtambo: Jumamosi usiku kucha na Jumapili mchana, simu moja baada ya nyingine kwenda namba za nje ya nchi ambazo hatujawahi hata kuziona, zikipigwa na laini ya ndani namba 101. Laini hiyo ni ya mezani kwa mhasibu, na ofisi ilikuwa imefungwa. Neno lake la siri lilikuwa 101. Mtandaoni kuna programu zinazozunguka mchana na usiku zikigonga poti 5060 ya kila anwani, zikikuta mtambo wa simu zinajaribu 100, 101, 102 na maneno ya siri ya namna hiyo, zikiingia zinapiga namba za malipo ghali ambazo mwenye wizi anagawiwa sehemu ya pesa. Neno la siri lilikuwa kosa letu, sawa. Ila kabla ya Ijumaa hiyo hakuna mtu wa nje aliyeweza kulifikia. Fundi alipopigiwa alisema, "Lakini sauti si ilikuja?" Mpaka leo sentensi hiyo inaniuma kuliko ile pesa.

Na hapo ndipo mtego ulipo, mkuu, naomba unisome taratibu: DMZ italeta sauti kweli. Utafurahi. Inaficha ugonjwa na kuacha mlango wa mbele wazi.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Simu ya intaneti ina njia mbili. Moja ni ya maelezo, SIP, kwa kawaida poti 5060: nani anampigia nani, nani kapokea, nani kakata. Ya pili ni ya sauti yenyewe, RTP, inayopita kwenye poti nyingine kabisa. Ndani ya yale maelezo mtambo wako unaandika "nitumie sauti kwenye anwani hii, poti hii". Kwa kuwa mtambo upo nyuma ya ruta, unaandika anwani ya ndani ya ofisi, ambayo huko nje haina maana. Watoa huduma wengi wanalijua hilo. Wakiona anwani ya ndani, wanaipuuza, wanasubiri sauti yako ifike, wanaangalia imetokea anwani na poti gani, nao wanarudisha yao hapo hapo. Mambo yanaisha.

Sasa ndani ya ruta kuna kimsaidizi kinaitwa SIP ALG. Kinafungua yale maelezo yakiwa njiani na kuyaandika upya, eti kikusaidie. Mtoa huduma wetu aliponitumia alichopokea yeye, nikakiweka kando ya kilichotoka kwenye mtambo wangu, nilikaa chini. Kilichotoka kwetu:

```
c=IN IP4 192.168.1.10
m=audio 14562 RTP/AVP 8 0 101
```

Kilichofika kwake (anwani ya nje nimeibadilisha):

```
c=IN IP4 203.0.113.25
m=audio 14562 RTP/AVP 8 0 101
```

Angalia mstari wa kwanza. Ruta imefuta anwani ya ndani na kuweka ya nje. Ukitazama haraka unasema imefanya vizuri. Lakini sauti yetu ilikuwa inamfikia ikitokea poti 61034, wakati maelezo yanasema 14562. Angeona 192.168.1.10 angejua tupo nyuma ya ruta, angesubiri na kurudisha kwenye 61034. Kwa kuwa aliona anwani safi ya nje, aliyaamini maelezo, akamwaga sauti yote ya mteja kwenye 14562, na hapo ruta haina mtu wa kumpa, ikaitupa. Ndiyo maana mteja anakusikia na wewe humsikii. Na ndiyo maana DMZ "iliponya": kila kilichogonga 14562 sasa kilisukumwa kwenye mtambo.

Hiyo ya kukatika nayo ina baba mmoja. Chukua saa, mteja akupigie, hesabu tangu unapopokea. Kama inakatika kwenye sekunde ya 32 kila mara, hiyo si intaneti dhaifu. Unapopokea, mtambo unatuma "nimepokea" na kusubiri mtoa huduma ajibu "nimeelewa", kwa jina ACK. Jibu hilo linatumwa kwenye anwani iliyoandikwa kwenye kichwa kinachoitwa Contact, na kimsaidizi kimekichakachua hicho pia. ACK inapotea. Mtambo unarudia "nimepokea" mara kadhaa, sekunde 32 zikifika bila jibu unakata wenyewe. Kifurushi kidogo hakikati kwa saa. Kinafanya sauti ikwaruze, imeze maneno, irudi, wakati wowote. Tena simu moja kwa kodeki ya kawaida inakula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Kwenye faiba hiyo ni nini? Anayekuuzia kifurushi kikubwa kwa dalili hii anakuibia.

Kwako wewe mwenye MikroTik, kimsaidizi hicho huwa kimewashwa tangu mwanzo. Fungua terminal:

```
/ip firewall service-port disable sip
/ip firewall service-port print
```

Kwenye orodha, mstari wa sip lazima uwe na herufi X mbele. Kisha washa upya ruta, usiruke hatua hii. Mawasiliano yaliyokwisha kufunguliwa yanabaki kwenye kumbukumbu ya ruta na yanaendelea kwa mtindo wa zamani. Mimi nilizima, nikajaribu baada ya dakika moja, nikaona bado, nikawasha tena kwa hasira, nikapoteza siku nzima nyingine. Washa upya ruta, halafu mtambo.

Kisha kiangalie kile kiboksi cha faiba ulichopewa na kampuni ya intaneti. Kama nacho kinafanya kazi ya ruta, yaani MikroTik yako inapokea anwani ya 192.168 au 10 kutoka kwake, kina kimsaidizi chake pia. Mara nyingi kipo kwenye ukurasa wa NAT au Security, kimeandikwa SIP ALG, au SIP tu kwenye orodha ya ALG. Wasipokupa ruhusa ya kuingia, wapigie wakizime wao, na mhudumu akikujibu "hiyo inasaidia simu" usikubali, omba fundi wao wa ngazi ya juu. Hata wakizima, rudi kuangalia wakishakubadilishia kiboksi, maana kipya kinakuja kimewashwa.

Upande wa Asterisk, kwenye endpoint ya mtoa huduma hakikisha hizi zipo:

```
direct_media=no
rtp_symmetric=yes
force_rport=yes
rewrite_contact=yes
```

Na kwenye aor yake weka `qualify_frequency=25`, ili mtambo umgonge mtoa huduma kila sekunde 25 na ruta isifunge njia katikati. Bila hiyo utapiga vizuri lakini simu za kuingia zitapotea baada ya ukimya. Kuna watoa huduma wachache wasiosubiri sauti ifike kama nilivyoeleza. Huyo utamjibu kwa kuandika, kwenye sehemu ya transport, anwani yako ya nje katika `external_media_address` na `external_signaling_address`, pamoja na `local_net` ya ofisi, na kama anwani yako ya nje haibadiliki tu. Kiboksi kikigoma kabisa kuzimwa, muulize kama anapokea SIP kwa TLS, poti 5061. Kimsaidizi hakiwezi kuchakachua kitu ambacho hakiwezi kukisoma.

Hakuna mahali popote katika hayo yote panapohitaji poti kufunguliwa kwa kila mtu wa nje. Mtambo wako ndio unaomtafuta mtoa huduma, si yeye anayeutafuta. Kama fundi amekwisha kugusa, ingia `/ip firewall nat print` utafute mistari ya dst-nat inayoelekea kwenye anwani ya mtambo, uifute, na ubadilishe maneno ya siri ya laini zote leo leo, kabla hujafunga ofisi.

Ukimaliza, piga simu mbili: moja ya kutoka, moja ya kuingia, kila moja ipite dakika mbili na kila upande uzungumze. Bado kimya? Ingia `asterisk -rvvv`, andika `pjsip set logger on`, piga tena, na uombe mtoa huduma akutumie alichopokea yeye kwa simu hiyo hiyo. Weka hapa mistari ya c= na m= ya pande zote mbili, ukifuta anwani yako ya nje, niitazame.