Anwani ya IP kwenye picha: ni /26 au /28, na hesabu yake inakwendaje

> Wakuu, nipo Lindi mjini, ofisi ya chama cha msingi. Aliyetufungia mtandao amehama, kilichobaki ni karatasi ndani ya kabati la swichi, nimeipiga picha kwa simu. Inasomeka 10.8.45.77/26, au /28, wino umefifia. Geti ni 10.8.45.65, DVR ya kamera ni 10.8.45.94. Nataka kuongeza printa. Anwani ya mtandao ni ipi, brodikasti ni ipi, na nafasi za vifaa ni ngapi?

Mkuu, chukua majibu kwanza. Kama ni /26, anwani ya mtandao ni 10.8.45.64, brodikasti ni 10.8.45.127, na vifaa vinakaa kuanzia .65 hadi .126, jumla 62. Kama ni /28, anwani ya mtandao ni hiyohiyo 10.8.45.64, lakini brodikasti inarudi nyuma hadi 10.8.45.79, na vifaa vinakaa .65 hadi .78, jumla 14.

Hapo ndipo picha yako inapokuwa tamu. Namba mbili tofauti zinatoa mwanzo uleule, na geti yako .65 inaingia kote kuwili. Kwa hiyo anayekuambia "geti imekubali, basi ni /28" hajathibitisha kitu.

Sasa hesabu. Anwani nzima ni biti 32, na kila fungu kati ya nukta lina biti 8. Namba iliyo baada ya mkwaju inasema biti ngapi za mwanzo ni za mtandao, zinazobaki ni za vifaa. Kwenye /26, mafungu matatu ya kwanza yanakula 24, zinabaki mbili za kuchukua kwenye fungu la mwisho. Kwa hiyo 10.8.45 haiguswi, kazi yote iko kwenye 77. Ivunje 77 kuwa biti, yaani 64 + 8 + 4 + 1:

```
77         01001101
/26        01|001101
mtandao    01|000000  = 64
brodikasti 01|111111  = 127
```

Kushoto kwa mstari hakuguswi. Kulia, ukiweka sifuri zote unapata anwani ya mtandao, ukiweka moja zote unapata brodikasti. Hakuna siri nyingine. Kwenye /28 mstari unasogea hatua mbili kulia:

```
/28        0100|1101
mtandao    0100|0000  = 64
brodikasti 0100|1111  = 79
```

Ukitazama hizo mbili utaona kwa nini mwanzo umefanana: biti mbili zilizohama kutoka upande wa vifaa kwenda upande wa mtandao zilikuwa sifuri tangu awali. Ingekuwa karatasi imeandikwa .93 badala ya .77, /26 ingekupa mwanzo 64 na /28 ingekupa 80, na geti ya .65 ingekataa /28 palepale. Ni bahati mbaya ya namba tu.

Usipotaka biti, ipo njia ya mafundi ya kutoa. Maski ya /26, yaani mkwaju huohuo ulioandikwa kwa kirefu, 255.255.255.192, inaishia 192. Toa 192 kwenye 256 unapata 64, huo ndio ukubwa wa kila kipande. Vipande vinaanza 0, 64, 128, 192. Hiyo 77 imeangukia kati ya 64 na 128, basi mwanzo ni 64 na mwisho ni namba moja kabla ya kipande kinachofuata, 127. Maski ya /28 inaishia 240, kipande ni 16, unahesabu 0, 16, 32, 48, 64, 80, na 77 iko kati ya 64 na 80. Fikiria viwanja vilivyopimwa: anwani ya mtandao na brodikasti ni bikoni za pande mbili, hakuna anayejenga juu ya bikoni. Ndiyo maana nafasi za vifaa ni ukubwa wa kipande ukitoa mbili, 64 − 2 au 16 − 2.

Kanuni hiyo ya kutoa mbili ina mpaka wake. Kwenye /31 haitumiki; hiyo huwekwa kati ya ruta mbili tu na anwani zote mbili hutumika. Karatasi ya ofisi yenye printa haiwezi kuwa hivyo, kwa hiyo usijisumbue nayo.

Watu wengi huteleza pale mkwaju unapokuwa chini ya 24. Anwani yako hiyohiyo ikiwa na /20, maski ni 255.255.240.0, na kipande cha 16 kinahesabiwa kwenye fungu la tatu, siyo la mwisho. Hapo 45 iko kati ya 32 na 48, basi mtandao ni 10.8.32.0, brodikasti ni 10.8.47.255, nafasi 4094. Na ndani yake anwani kama 10.8.40.255 ni ya kifaa cha kawaida kabisa, ingawa wengi wakiona 255 mwishoni wanaikimbia.

Turudi kwenye wino wako. Kabla ya hesabu yoyote, picha ina njia za kujisema yenyewe. Ukipata kwamba anwani uliyosoma ndiyo anwani ya mtandao au ndiyo brodikasti, umesoma vibaya, kwa sababu hakuna aliyeipa kompyuta namba hiyo. Mfano, kama ile 77 ni 79 kwa kweli, /28 imekufa hapohapo, maana 79 ni brodikasti yake. Kuza picha uitazame hiyo tarakimu ya mwisho kabla ya kuhangaika na mkwaju. Na kama kuna mahali pengine kwenye karatasi pameandikwa maski kwa kirefu, fungu la mwisho litakuwa 192 au 240, na hizo mbili hazifanani hata wino ukififia.

Kwenye picha yako ushahidi mzito zaidi ni DVR. Kwenye /26, .94 iko ndani pamoja na wengine. Kwenye /28 iko nje, kwenye kipande cha .80 hadi .95, na ingehitaji geti yake ndani ya kipande hicho. Karatasi imeandika geti moja tu, kwa hiyo mimi ningeweka dau langu kwenye /26. Lakini dau siyo uthibitisho. Fungua menyu ya mtandao kwenye DVR yenyewe, usome geti yake. Ikiwa ni 10.8.45.65, mjadala umeisha: kifaa cha .94 chenye /28 hakiwezi kuwa na geti ya .65, kwa sababu hakiioni kama jirani. Ikiwa ni .81 au nyingine ya kipande kile, basi inaelekea aliyefunga alitenganisha kamera na ofisi, na /28 ndiyo sahihi. Binafsi napenda kamera zitenganishwe hivyo, ila kwa ofisi ndogo za huku kwetu sijaona wengi wakijisumbua.

Njia fupi kuliko zote ni kukaa kwenye kompyuta inayofanya kazi na kuandika `ipconfig`, kisha usome mstari wa `Subnet Mask`. Kwenye Linux ni `ip addr`, nayo inakuonyesha mkwaju pamoja na brodikasti baada ya neno `brd`. Tahadhari moja: inakuonyesha kilichoandikwa kwenye kompyuta hiyo, siyo lazima kilicho sahihi. Ndiyo maana nakutuma kwenye DVR pia, na ukipata nywila ya ruta, soma huko, kwa sababu maski ya ruta ndiyo inayotawala.

Nasema hivyo kwa sababu ya ghala moja la korosho Masasi nilikoitwa msimu ukiwa umepamba moto. Malalamiko yalikuwa kwamba intaneti ipo, barua pepe zinaingia, ila kompyuta ya mhasibu haifungui kamera. Ukiipigia DVR `ping`, inajibu vizuri. Ukurasa wake haufunguki. Kila aliyekuja alibadilisha waya au kulaumu DVR. Kompyuta ilikuwa imeandikwa maski ya 255.255.255.240 kwenye mtandao wa /26. Ikaamini DVR iko nje, ikawa inapeleka kila pakiti kwa geti, geti inaigeuza kuirudisha kwa DVR. DVR, yenye maski sahihi, inajibu moja kwa moja bila kupita geti. Ngome ya ruta ile ikawa inaona mazungumzo upande mmoja tu, ikayakata. `ping` ilipita kwa sababu haihitaji kufungua mazungumzo kama ukurasa unavyohitaji. Si kila ruta hukata hivyo. Nyingine zitapitisha na tatizo litajificha miaka.

Kulibaini ni amri moja:

```
tracert -d 10.8.45.94
```

Jirani wa kweli anatokea mstari wa kwanza. Ukiona 10.8.45.65 kwanza ndipo .94, kompyuta yako inaamini DVR iko nje. Menyu ya DVR itakuambia kama imani hiyo ni ya haki.

Kosa la upande wa pili lina sura yake. Ukiandika /26 mahali palipo /28, kompyuta itaita .94 kama jirani, na hakuna atakayeitika. Windows itakujibu `Destination host unreachable`, na anwani itakayoonekana kwenye jibu ni ya kompyuta yako mwenyewe. Ukiona anwani ya ruta kwenye jibu hilo, hilo ni jambo jingine.

Kuhusu printa: chagua anwani kati ya .66 na .78, mbali na .77, kwa sababu eneo hilo ni halali kwa /26 na kwa /28. Tuseme .70. Ipigie `ping` kwanza, kisha uandike `arp -a`, maana kuna vifaa vinavyokataa kujibu `ping` lakini namba zao za kadi zinaonekana kwenye orodha ya `arp`. Kama .70 haina mtu, angalia kwenye ruta kwamba haimo kwenye fungu linalogawiwa na DHCP, la sivyo siku simu ya mtu ikipewa .70 printa itapotea, kisha irudi jioni watu wakiondoka. Maski andika ile uliyoithibitisha, geti 10.8.45.65. Na kwenye hiyo karatasi ya kabatini, andika upya ule mkwaju kwa kalamu isiyofutika, na pembeni yake maski kwa kirefu.