Kijana hakuwemo ndani ya kisa chake

Swali la wiki: "Usiku wa kuamkia mahojiano ya kwanza ya kazi, mzazi amsaidie vipi mtoto wake?"

Amuulize maswali kwa sauti, kisha alichimbe kila jibu mpaka mtoto mwenyewe aonekane ndani yake. Kijana wangu wa mwisho aliitwa na hoteli moja ya Shela, kazi ya mapokezi. Mimi nimestaafu kazi hiyo hapa Lamu, na upande wa wanaouliza nimeukalia sana.

Baada ya Isha tuliketi dakani. Nikamwambia, "Tueleze siku ulipompokea mgeni aliyekasirika."

Akajibu mbio: "Nilipokuwa kwenye mafunzo ya kazi kulitokea tatizo la chumba, tukashirikiana, tukalitatua, mgeni akaridhika."

Jibu kama hilo mwenye kuhoji hulisikia kutwa nzima, na hapati la kuandika kwenye karatasi yake.

"Huyo mgeni alikasirikia nini?"

"Chumba chake alipewa mtu mwingine, baba."

"Nani aligundua?"

"Mimi, nilipotazama daftari la vyumba."

"Ukafanyaje?"

Hapo ndipo kisa kilipoanza kutoka. Mgeni alikuwa mama aliyeshuka boti jua kali na mtoto mchanga mkononi. Kijana alimkalisha kivulini, akamletea maji baridi, akampigia simu msimamizi wa usafi, akaambiwa chumba cha ghorofani kingekuwa tayari baada ya nusu saa. Hakumwambia yule mama asubiri kidogo. Alimtajia nusu saa, na kabla haijaisha akamrudia kumpa habari. Yote hayo alikuwa ameyaacha nje!

Nikamwambia atangulize tatizo kwa sentensi mbili, sehemu kubwa iwe aliyoyatenda yeye, kisha amalizie kwa lililotokea. Mara ya kwanza alizama kwenye kosa la mwenzake aliyekigawa chumba mara mbili. Nilimkatiza. Ukimlaumu mwenzako mbele ya watu wanaotaka kukuajiri, watajiuliza kesho utawasema vipi wao. Akaliondoa, na kisa kikaisha chini ya dakika mbili.

Aliomba kalamu aandike, nikamkatalia. Aliyekariri akikatizwa hupotea, na wahoji hukatiza. Basi aliporudia nikamkatiza makusudi: "Na kama chumba kisingepatikana?"

Akafikiri. "Ningemwita meneja kabla ya nusu saa kwisha. Nisingemuahidi mgeni kitu nisichokuwa nacho."

Jibu hilo sikumfundisha mimi, na lilinipendeza kuliko yote.

Vyeti tulivipanga upesi, asili mbele na nakala nyuma. Tuliloliangalia zaidi ni maji: asubuhi yangekuwa yamejaa, na njia ya pwani ya kwendea Shela hufunikwa. Tukakubaliana apande boti mapema. Alitaka turudie kisa mara nyingine, nikamwambia akalale.